Wamenikata dola 12 kila mwezi, nimesitisha usajili wamefuta krediti 6 na kunifungia vitabu. Huu ni wizi!

Msikilizaji wa Foleni (mwanzisha uzi)

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho, maana najua humu mko wengi mnaosikiliza vitabu kwenye foleni kama mimi.

Nilijiunga na kampuni moja ya nje inayouza vitabu vya sauti na vya kusoma kwenye simu. Jina silitaji, shauri langu bado liko kwao. Mpango wao uko hivi: unakatwa dola 12 kila mwezi, unapewa krediti 1, na krediti 1 inachukua kitabu chochote hata kama bei yake ya kawaida ni dola 30. Juu ya hapo kuna rafu ya vitabu usivyolipia krediti, unasikiliza tu kwa kuwa ni mwanachama. Nimelipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, mwezi hadi mwezi, sijawahi kuruka.

Kazi ikanibana, nikawa sichukui vitabu. Sikuwa na wasiwasi kwa sababu ukurasa wao wa kujiunga unasema kwa herufi kubwa kuwa krediti usiyotumia inahamia mwezi unaofuata. Kweli inahamia. Wasichokisema pale ni kwamba ukifikisha krediti 6 zinagota. Mwezi uliofuata wakakata dola 12 na salio likabaki 6. Mwingine tena, vilevile. Hakuna ujumbe, hakuna barua pepe ya kunionya, risiti inakuja kama kawaida. Dola 24 zimeondoka na sikupewa kitu chochote.

Nilipoligundua nikaamua kuondoka. Nikabonyeza kusitisha, wakaniuliza sababu, wakanipa punguzo, nikakataa. Mwezi niliokwisha kuulipia ulikuwa na zaidi ya wiki mbili mbele, na wao wenyewe waliandika kuwa uanachama wangu unaendelea hadi tarehe ya mwisho. Jioni nimekaa nichague vitabu vyangu 6, nakuta salio 0. Krediti 6 kwa dola 12 ni dola 72. Jumlisha na zile 24, ni dola 96. Kwa shilingi zetu hiyo ni karibu laki mbili na nusu, na hakuna hata kitabu kimoja nilichopata kwa hela hiyo.

Tarehe ya mwisho ilipofika likaja la pili. Maktaba yangu ilikuwa na vitabu 14, na 5 vimegeuka kijivu vikawekewa kufuli. Nilishavipakua, viko ndani ya simu yangu, vimekula bando langu, lakini nikigusa programu inaniambia nijiunge upya. Kimoja nilibakiza sura mbili tu! Na vyote 14 vilikaa rafu moja, hakuna mahali panaposema hiki umepewa na hiki umeazimwa.

Anayejua anieleze. Wana haki gani ya kufuta krediti nilizozilipia? Na hivi vitabu 9 vilivyobaki, navyo ipo siku nitaamka nisivione?

Pwani Mchangani

Pole sana mkuu. Hii peleka TCRA moja kwa moja. Hata mimi mtandao wangu walinilia GB zote usiku wa manane eti muda umeisha, na nilikuwa sijazigusa. Wenzetu Kenya walipiga kelele mpaka Safaricom wakaanza kuuza bando lisilo na muda, mwaka 2019. Sisi tunakaa kimya tu.

Msikilizaji wa Foleni

Ndugu yangu, ahsante, ila bando halihusiki hapa. Hawa wala hawana ofisi nchini, ni duka la vitabu la mtandaoni. TCRA wataniuliza leseni namba ngapi niwajibu nini?

Kaka wa Tabata

Mkuu usihangaike. Vile 9 ulivyochukua kwa krediti umeshavinunua, ni vyako milele, hakuna wa kuvigusa. Na wengine mjifunze: ukitaka kutoka usibonyeze kusitisha. Acha tu kadi bila hela. Wakishindwa kukata wanakuacha, na krediti zako zinabaki.

Bi Mkubwa Vitabuni

Kaka wa Tabata, hapo umepatia nusu, na hiyo nusu nyingine itawaumiza watu.

Niliwahi kujibu barua za wateja kwenye duka la vitabu vya kidijitali, Nairobi, kwa hiyo nitasema ninachokijua. Kadi ikikosa hela, duka halikufuti siku hiyo. Linajaribu kukata tena na tena, na wakati huo akaunti imesimamishwa. Krediti unaziona, ukitaka kuzitumia inakataa mpaka ulipe deni. Wakichoka kujaribu wanafunga uanachama, na hapo krediti zinaondoka sawasawa na aliyebonyeza kitufe. Tena wateja wengine walikuwa wanaiwekea kadi hela kwa shughuli nyingine kabisa, duka likawahi likakata.

Sasa mwanzisha uzi, hivyo vitabu 5. Ingia kwenye historia ya manunuzi, siyo kwenye maktaba. Vile 9 utaviona vina mstari wa krediti 1. Vile 5 ama havina mstari kabisa, ama vimeandikwa 0.00. Hivyo vilitoka kwenye rafu ya wanachama na ulikuwa umeazimwa. Audible, duka la vitabu vya sauti la Amazon, nao wamegawa hivyohivyo: ulichochukua kwa krediti kinabaki hata ukiondoka, ulichosikiliza kwenye rafu ya wanachama kinafungwa. Faili lililo kwenye simu halikusaidii kwa sababu limefungwa kwa ufunguo, na programu ndiyo inayoulizia duka kama bado una ruhusa. Kulihamishia kwenye memori kadi ni kujichosha.

Kuhusu krediti, hasira yako ina msingi, maana hakuna sababu ya kiufundi ya kuzifuta. Ni uamuzi wa biashara tu. Audible krediti inaishi mwaka 1 tangu ilipotolewa, na uanachama ukiisha zile ambazo hukutumia zinapotea. Libro.fm wao krediti haina mwisho, unaweza kuitumia hata baada ya kusitisha, na kitabu unakipakua kama MP3 ya kawaida isiyo na kufuli. Biashara ni ileile na kitabu mara nyingi ni kilekile. Pale nilipokuwa, mwenye kitabu alilipwa mteja anapochukua kitabu. Krediti iliyolala mpaka ikafa haikumfikia mwandishi wala msomaji, ilibaki dukani.

Kaka wa Tabata

Sawa dada, la kadi nimekuelewa. Lakini kununua ni kununua. Vile 9 ni vyake.

Bi Mkubwa Vitabuni

Ni vyake maadamu duka lipo na akaunti yake ipo. Microsoft walikuwa na duka la vitabu, wakalifunga mwaka 2019, na ilipofika Julai vitabu vilivyonunuliwa vikaacha kufunguka. Waliwarudishia watu pesa, hilo niwape haki yao, ila vitabu viliondoka. Na Kindle, vitabu vya kusoma vya Amazon, waliondoa njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya, tarehe 26 Februari 2025. Kisheria ulichopewa ni ruhusa ya kusoma. California wametunga sheria, inafanya kazi tangu 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji kuandika "nunua" bila kukwambia wazi kuwa unapewa leseni. Sisi huku hatuna kinga hiyo.

Mama Wawili

Mimi niko Muscat na nililia kwa jambo kama hili. Nilikuwa Kindle Unlimited, vitabu vya hadithi vya wanangu vimejaa mpaka kikomo chao cha 20. Nikasitisha nikijua nimelipia, mwezi ulipoisha vyote vikaondoka na mtoto ananiuliza kitabu chake kiko wapi. Krediti sikuwahi kuona hata moja. Je, na mimi nidai?

Bi Mkubwa Vitabuni

Mama Wawili, ule mpango hauna krediti kabisa. Vyote 20 ni vya kuazima na mwezi ulioulipia ulipewa mpaka mwisho. Wewe huna cha kudai. Ila ukitazama kwa makini, baadhi ya hivyo vitabu vya watoto bei yake ni ndogo kuliko ada ya mwezi. Vile wanavyovirudia kila siku vinunue kimojakimoja.

Msikilizaji, dai lako usilipeleke kama fungu moja la dola 96. Litenganishe. Zile dola 24 ndizo zenye nguvu: walikata na hawakutoa walichouza. Tuma risiti za miezi hiyo miwili pamoja na picha ya skrini ya salio lililogota 6. Zile krediti 6 omba wazirudishe zenyewe, usiombe pesa, kwa sababu anayekujibu mara nyingi ana mamlaka ya kurudisha krediti na hana ya kurudisha hela. Mwambie waliandika uanachama unaendelea hadi tarehe fulani, na wakazifuta kabla yake. Hapo inabidi wakuonyeshe kifungu cha masharti. Usianze na kupinga malipo benki. Duka likinyang'anywa hela kwa njia hiyo linaweza kufunga akaunti nzima, na vile 9 vitaenda navyo.

Msikilizaji wa Foleni

Dada, ubarikiwe. Nimeangalia historia ya manunuzi, ni kama ulivyosema, vile 5 vyote havina mstari. Lakini hasira haijaisha! Kwa nini hilo lisionekane kwenye maktaba ninayoifungua kila siku, lifichwe ukurasa ambao lazima uingie kwa kompyuta?

Nao wamenijibu usiku huu. Wanasema nikijiunga tena watanipa krediti 2 "kama shukrani". Kuhusu dola 24 hawajagusa hata neno.

Kaka wa Tabata

Chukua mkuu! Unalipa 12, unapata ya mwezi 1 na hizo 2, jumla vitabu 3. Unavichukua saa hiyohiyo unaondoka.

Bi Mkubwa Vitabuni

Kihesabu ni kweli. Ila soma barua yao kama imeandikwa kuwa ukikubali shauri limefungwa. Kama ndivyo, hizo 2 ni badala ya yote unayodai, na dola 24 zako umeziuza pamoja na zile krediti 6.

Msikilizaji wa Foleni

Barua haisemi lolote. Siwapi hata dola moja mpaka wajibu la 24 kwa maandishi.

Juma wa Kigamboni

Samahani kuingilia. Mimi nilijiunga na duka kama hilo kupitia iPhone na nimebakiwa na krediti 4. Kwenye tovuti yao sioni hata kitufe cha kusitisha. Nimefuta programu, je, nimeshatoka?

Bi Mkubwa Vitabuni

Hujatoka, utaendelea kukatwa. Uliyemlipa ni Apple, kwa hiyo kusitisha ni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya usajili chini ya jina lako, na hela ikidaiwa inaombwa reportaproblem.apple.com. Lakini usiguse hapo bado. Rudisha programu, chukua vitabu vinne leo hata kama huna muda wa kuvisikiliza, hakikisha kila kimoja kina mstari wa krediti kwenye historia, halafu ndipo usitishe.