Fundi kaibiwa amplifaya yangu akiwa nayo dukani. Nani analipa?

Mpigadisko: Wakuu, habari za leo. Jumatatu nilimpelekea fundi amplifaya, akasema nije Alhamisi. Alhamisi akanitumia meseji: "Bado kidogo, njoo Jumatatu." Usiku wa Jumamosi banda lake likavunjwa. Sasa ananionyesha RB ya polisi, anasema na yeye kaibiwa, tusameheane. Niliinunua laki tisa miaka miwili iliyopita. Nina haki?

Kachumbari: Pole, ila hapo hakuna kesi. Wizi ni bahati mbaya. RB anayo, basi.

Mama Pili: Mimi kifurushi changu kilipotelea kwenye basi mwaka jana, wakanirudishia nauli ya mzigo tu. Nifanyeje?

Karani Mstaafu: Mama Pili, wewe angalia stakabadhi kwanza, yako ni ya usafirishaji, fungua uzi wako tuizungumze vizuri.

Kachumbari, nusu uko sawa. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, fundi halipi kama alitunza mali kama mtu makini anavyotunza ya kwake yenye thamani hiyo. Lakini RB inaonyesha tu kwamba wizi umeripotiwa, haisemi alitunzaje. Aliyekabidhiwa ndiye anayejua usiku ule kulikuwa na nini, kwa hiyo yeye ndiye aeleze. Mpigadisko, banda likoje? Mlinzi yupo? Vyake mwenyewe aliviacha wapi?

Mpigadisko: Banda la mabati, kufuli moja, mlinzi hakuna. Laptop yake huwa anaondoka nayo jioni.

Karani Mstaafu: Hilo la laptop litamuumiza. Ya kwake haiamini kufuli, ya kwako aliiachia kufuli hilohilo.

Kuna la pili, watu wengi hawalijui. Kama muda wa kurudisha umepita kwa kosa lake, kuanzia hapo hasara ni yake, hata kama alitunza vizuri. Aliahidi Alhamisi, wizi ukatokea Jumamosi. Usifute ile meseji.

Kachumbari: Lakini si jamaa alikubali kusubiri mpaka Jumatatu?

Mpigadisko: Nilijibu "sawa".

Karani Mstaafu: Hapo ndipo atakapoegemea, atasema mlisogeza tarehe. Alitoa sababu gani ya kuchelewa?

Mpigadisko: Alisema spea haijafika. Nikamkuta Ijumaa anatengeneza redio ya mtu mwingine.

Fundi Mwenzake: Acheni kutukandamiza, mimi ukutani nimeandika "mali inaachwa kwa hatari ya mwenye mali."

Karani Mstaafu: Mteja aliliona kabla ya kukuachia, au siku ya ugomvi? Ndilo swali utakaloulizwa.

Mpigadisko, usidai laki tisa. Utapewa thamani ya amplifaya mbovu ya miaka miwili siku ilipoibwa. Tafuta bei za mtumba, toa gharama ya matengenezo. Kuhusu hiyo "sawa" yako, siwezi kukuahidi hakimu ataisomaje.

Mpigadisko: Zilizotumika naziona laki nne na nusu. Leo jioni nampigia kabla ya kwenda mahakama ya mwanzo.