"PESA NI PESA"?! Mwenyekiti wa kamati ya fedha za tabianchi, hii haijaisha

Mjumbe_wa_Mwisho (mleta uzi):

Wakuu, kikao kimefungwa dakika ishirini zilizopita. Bado nina beji shingoni na mikono inatetemeka. Sitataja jina, hakuna haja, mnamjua. Kila aliyewahi kukanyaga mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa anamjua. Yule mwenye nyundo. Yule anayeigonga meza kana kwamba meza ilimtukana mama yake.

Leo nilikuwa mjumbe wa Msumbiji. Hotuba sekunde 90, wiki tatu za kuiandaa. Nikaanza vizuri, ukumbi kimya, hata wale wa safu ya nyuma waliacha simu zao. Sekunde ya hamsini hivi nafika kwenye moyo wa hotuba, nasema: "Waheshimiwa, mkopo si mchango." NYUNDO. "Mjumbe, pesa ni pesa. Rudi kwenye mada."

Pesa ni pesa! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mjumbe wa nchi moja tajiri alicheka mpaka bendera yake ikadondoka. Na mada yenyewe imeandikwa ukutani kwa herufi za ukubwa wa mlango: MGAWO WA HAKI WA FEDHA ZA TABIANCHI. Sasa kama mkopo na ruzuku si mada, mada ni nini, rangi ya mapazia?

Sehemu aliyoikata naimwaga hapa, mtu aisome hata mmoja:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Machi 2019 Kimbunga Idai kilipiga Beira. Mwezi uliofuata tukapata dola milioni 118 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Zilikuwa mkopo. Sisi ambao moshi wetu haufiki popote, tulikopeshwa ili tufukie mashimo tusiyoyachimba. Chukueni mfano. Nchi maskini inakopa dola milioni 100 kwa riba ya asilimia 5, miaka 20, ijenge ukuta wa kuzuia bahari. Kila mwaka inarudisha milioni 5 za deni lenyewe, pamoja na riba ya kiasi kilichobaki. Mwisho wa safari imelipa milioni 152 na nusu. Lakini kwenye taarifa ya mkopeshaji imeandikwa: tumechangia milioni 100. Amerudishiwa zote, amepewa na 52 na nusu juu, na bado anahesabiwa kuwa ametoa. Na ukuta ule hauuzi chochote. Mtambo wa umeme wa jua utauza umeme ulipe deni lake. Ukuta unazuia maji tu. Atakayeulipa ni mwalimu na nesi ambao hawataajiriwa."

Hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Nikapewa "pesa ni pesa". Maneno matatu. Mimi nina hasira ya miaka mitatu.

Kijiti_Kikavu:

Pole sana mkuu. Huyo huyo kikao kilichopita alinikatiza nikiwa bado nasema "Mheshimiwa". Sijafika hata kwenye "Mwenyekiti".

Funguo7:

Punguza povu. Nchi tajiri ziliahidi kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen 2009 kutoa dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, na zimetoa. OECD, shirika la nchi tajiri linalozihesabu, wenyewe wamesema 2022 zilifika bilioni 115.9. Kwenye mkutano wa Baku 2024 wakapandisha hadi 300. Mara tatu! Mnapewa mara tatu na bado mnalia. Mwenyekiti alikuwa sahihi kukuokolea aibu.

Mjumbe_wa_Mwisho:

@Funguo7 zimefika miaka miwili baada ya tarehe. Fundi akikuletea jeneza siku mbili baada ya mazishi utamshukuru? Na humo ndani mikopo ni mingi kuliko ruzuku, ndicho nilichotaka kusema kabla ya PESA NI PESA. Nimefunga macho nimeiona tena ile nyundo ikipanda.

Bi_Kanuni:

Nimesimamia kamati hizi muda mrefu, nimekaa kiti kile na nimekaa sakafuni. Niseme na pande zote mbili.

Funguo7, tarakimu zako ni za kweli, ila hujauliza zimehesabiwaje. Katika fedha za umma za mwaka huo 2022, karibu asilimia 69 zilikuwa mikopo, ruzuku asilimia 28 hivi. Na mkopo unaingizwa kwenye hesabu ile kwa kiasi chake chote, kama utarudishwa au la. Sasa sikiliza hili. Nchi hizo hizo zinapohesabu misaada yao ya maendeleo, tangu takwimu za 2018 zinahesabu ile sehemu ya ruzuku iliyomo ndani ya mkopo tu, yaani unafuu anaoupata mkopaji akilinganishwa na anayekopa sokoni. Mkopo usio na unafuu hauingii. Kipimo kipo, wanakijua, wanakitumia kwa misaada. Kwa fedha za tabianchi, taratibu za Mkataba wa Paris zimeacha kukitumia kuwe hiari. Hapo ndipo pa kumbana mtu.

Na Baku: ile 300 ni ya kufikia 2035, si kesho. Nchi zilizoendelea zimesemwa "zitaongoza", na fedha za benki za maendeleo zinaruhusiwa kuhesabiwa humo. Wajumbe wa visiwa na wa nchi maskini zaidi walitoka chumbani kabla ya makubaliano, hawakutoka kwenda kunywa maji.

Mleta uzi, na wewe una kosa. Ule mkopo wa 2019 haukuwa na riba hata senti. Umeusimulia, kisha ukaunganisha na mfano wa asilimia 5 kana kwamba ni kitu kimoja. Mjumbe makini wa upande wa pili angekubomoa hapo hapo, wala asingehitaji nyundo. Ungesema: "hata usio na riba ni deni, na deni lilikuja wakati mji uko chini ya maji." Hilo halipingiki.

Mjumbe_wa_Mwisho:

Bi Kanuni nakubali, nilipaswa kulisema. Sekunde 90 zinabana. Lakini yeye hakunikatiza kwa sababu ya riba! Hakujua habari ya riba! Alisema PESA NI PESA!

Shamba_Langu_Digitali:

Samahani naomba kuuliza, hiyo milioni 100 fomu zake zinapatikana wapi? Nina eneo la ekari mbili na mchoro wa banda uko tayari. Riba ya 5 kwangu si mbaya.

Kijiti_Kikavu:

😂😂 Mkuu hiyo ni dola, na ni ya ukuta wa bahari.

Shamba_Langu_Digitali:

Hata ukuta naweza.

Kisiwa_Kidogo:

Nyie angalau mnakopeshwa kwa unafuu. Mimi nilipewa Bahamas. Septemba 2019 Kimbunga Dorian kiliiacha na hasara ya dola bilioni 3.4. Nchi yenye watu wasiofika hata nusu milioni. Nikasimama kuomba, nikajibiwa pato lenu kwa kila mtu ni kubwa, hampo kwenye orodha ya wanaopokea misaada. Na ni kweli hawapo, waliondolewa tangu miaka ya tisini. Wanapimwa kwa wastani wa pato, wakati upepo hauulizi wastani. Mimi ningeanzisha uzi wangu ila naona mmeshajaa hapa.

Funguo7:

Sasa huyu naye anataka. Kila mtu anataka. Mbona hamuulizi China inatoa nini? Orodha ya wanaopaswa kulipa ni ya 1992. Singapore haimo, Korea Kusini haimo, nchi za mafuta za Ghuba hazimo. Miaka thelathini na zaidi dunia imegeuka, orodha imekaa pale pale.

Bi_Kanuni:

Hapo Funguo7 una hoja, na ndiyo iliyokesha Baku. Walimaliza kwa kuzihimiza nchi nyingine zichangie kwa hiari, orodha haikuguswa. Emirati, kwa mfano, waliahidi dola milioni 100 kwenye mfuko wa hasara na uharibifu Dubai 2023 bila kuwa kwenye orodha. Lakini mwenye orodha akisema "silipi mpaka jirani alipe", Beira inafaidika nini? Mimi sina jibu la kuwaridhisha wote. Ukipanua orodha bila kurekebisha hesabu, utapata wakopeshaji wengi zaidi wanaojiita wachangiaji.

Nyuma_ya_Pazia:

Nilikuwepo ukumbini, nilikuwa karani wa meza. Mleta uzi hajawaambia kwamba kwenye rasimu yake aliandika "mikopo yote ya tabianchi ipigwe marufuku". YOTE. Wajumbe kumi na moja waliokuwa wametia saini wakajiondoa, ikabidi marekebisho yafe. Nyundo iligongwa baada ya karatasi kufa.

Mjumbe_wa_Mwisho:

Niliandika hivyo saa saba usiku na nilishakubali kulibadili! Karatasi mpya ilikuwa mkononi, inasema fedha za kuhimili athari za tabianchi, kama ule ukuta, ziwe ruzuku kwanza, mikopo ibaki kwa miradi inayozalisha mapato. Nilikuwa nimeinyanyua juu hivi, ameiona, tumetazamana macho kwa macho, ndipo akasema yale maneno.

Bi_Kanuni:

Hiyo ya pili ingepita. Na mstari mmoja ungeongeza: kila mtoaji ataje thamani ya ruzuku pembeni ya kiasi cha mkopo. Huo hata mjumbe wa nchi tajiri anapata taabu kuupinga hadharani, kwa kuwa anaombwa kuonyesha tu. Halafu kwenye kanuni nyingi uamuzi wa mwenyekiti unakatiwa rufaa na ukumbi unapiga kura. Kwa nini hukukata?

Mjumbe_wa_Mwisho:

Nilisimama. Mikrofoni ilikuwa imeshazimwa.

Kijiti_Kikavu:

MIKROFONI! Asante kwa kuikumbusha. Nani anasimamia zile mikrofoni? Jana nimeongea dakika nzima kuhusu mfuko wa kuhimili na hakuna aliyesikia, nikapigiwa makofi ya huruma.

Kisiwa_Kidogo:

Ya safu ya tatu ni mbovu tangu siku ya kwanza. Na tuzo ya mjumbe bora kapewa nani? Yule aliyecheka mpaka bendera ikadondoka.

Funguo7:

Hiyo nakataa. Alistahili, alijibu maswali yote matano.

Nyuma_ya_Pazia:

Alijibu matatu. Mimi ndiye nilikuwa nahesabu.

Kijiti_Kikavu:

Anzisha uzi wa tuzo mkuu, tunakuja wote.

Shamba_Langu_Digitali:

Bado sijajibiwa kuhusu fomu.