Flashi ya 64GB ilisoma 0, fundi "akairiseti" bila kuniuliza, sasa inasoma 7.4GB na video za watu zimeenda

mpigavideo

Wakuu habari za usiku, naandika nina hasira kwa hiyo mtanisamehe nikienda mbele nikirudi nyuma. Mimi napiga video za sherehe. Wiki iliyopita nimepiga send-off, nikahamishia kila kitu kwenye flashi mpya ya 64GB, kama 41GB hivi, zikaingia zote, majina ya faili nayaona, nikafungua mbili tatu za mwanzo zinacheza safi, nikafuta memori kadi za kamera maana kesho yake nina kazi nyingine. Siku ya pili nachomeka, kompyuta inasema flashi inahitaji kufomatiwa. Nikabonyeza Cancel, nikachomoa nikachomeka tena, yale yale. Mdogo wangu akaja akafomati akijua ananisaidia, mstari wa kijani ukafika kama robo, umeme ukakatika, ni desktopu haina UPS. Umeme kurudi, herufi ya flashi ipo ila ukiifungua inakuambia Please insert a disk, ukiangalia saizi ni 0.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Nimeipeleka kwa fundi, nimemwambia kwa mdomo wangu kaka ndani kuna video za mteja, zile ndio nazitaka, flashi yenyewe siyo shida. Akasema acha hapa rudi jioni. Narudi jioni ananipa flashi, inafunguka, haina kitu, inasoma 7.4GB. Namuuliza video ziko wapi, ananijibu "kontrola ilikuwa imekufa nimeiriseti, shukuru imefufuka", na elfu ishirini yangu kachukua. Nimeenda duka nililonunua wanasema nimeiharibu kwa kuifomati, waranti haipo. Bibi harusi ananipigia simu kila siku. Naomba mnijibu mambo mawili, video zinapatikana au hazipatikani, na 56GB zangu zimeenda wapi?

kijana_wa_laini

Pole mkuu. Huyo fundi hajui kazi, 0 bytes dawa yake ni diskpart ya Windows, unapiga clean inarudi kama mpya, nimeshafanya hivyo kwa flashi nyingi tu na sijawahi kushindwa.

mpigavideo

Hiyo nilifanya kabla sijaenda kwa fundi kaka. Ilikuja hivi:

```
Disk 1    No Media       0 B      0 B
```

na nikipiga clean inasema There is no media in the device.

mama_stesheni

Mimi yangu ni ya 32GB inasoma 4MB tangu kijana wangu aiwekee Linux ya kuinstolia, na mimi nikaitupe kwa hao mafundi wa kuriseti?

Solda Moto

Mama usipeleke popote, ya kwako nzima. Ile Linux imeigawa flashi na Windows inakuonyesha kile kipande kidogo tu. Andika list disk ndani ya diskpart, ukiona Disk yako imeandikwa 28GB au 29GB basi fanya hivi, ila angalia namba ya disk mara mbili, ukikosea unafuta kompyuta nzima:

```
select disk 1
clean
create partition primary
format fs=exfat quick
assign
```

Hapo ndipo kijana_wa_laini yuko sahihi. Ila ya mleta uzi ni ugonjwa mwingine kabisa. Clean inafuta mgawanyo ulioandikwa juu ya memori, sasa kama kontrola yenyewe, ile chipu inayoisimamia memori, inasema No Media maana yake haijui hata memori yake iko wapi, utafuta nini? Kontrola huwa inaweka ramani ya vipande vizima na vibovu humo humo ndani ya memori, umeme ukikatika inapoandika, au memori ikiwa imechoka, ile ramani haisomeki, kontrola inabaki na akili ya kuzaliwa nayo tu. Inajitambulisha kwa kompyuta, ndio maana herufi unaiona, lakini saizi inasema 0. Nyingine zinabadilisha hadi jina, za Phison utakuta imejiita PRAM.

Alichofanya fundi ni kuendesha ile programu ya kiwandani, MPTool. Inapima memori yote, inaandika ramani mpya, inairudishia kontrola akili yake. Kama lengo ni flashi ifanye kazi, hiyo ndiyo njia na inafanya kazi kweli. Ila inafuta kila kipande inachopima. Kwa mtu aliyesema nataka data, fundi hakutakiwa kuigusa hiyo programu, alitakiwa akwambie kabisa kwamba hapa ni kung'oa memori na kuisoma kwa mashine, kama hana aseme hana. Hasira yako ni ya haki.

Video samahani sana ndugu yangu, baada ya MPTool sitakudanganya, hazirudi. Usimlipe mtu mwingine akikuahidi.

Hiyo 7.4GB ndiyo inanisumbua. Fungua programu ya ChipGenius flashi ikiwa imechomekwa, weka hapa inachosema.

mpigavideo

Nimesoma hiyo ya video nikakaa dakika kumi siwezi kuandika. Hii hapa:

```
VID = 090C  PID = 1000
Controller Vendor: Silicon Motion
Flash ID code: 98DE9482
```

Solda Moto

Angalia hiyo 98DE. 98 ni Toshiba, DE ni memori ya gigabiti 64. Ni gigabiti hizo, gawa kwa 8 unapata GB 8, na 8GB kwenye Windows inasoma 7.4. Unaona inavyolingana? Mimi naona hiyo flashi haikuwahi kuwa 64GB tangu siku unanunua. Mtu aliichezea kontrola kwa programu hiyo hiyo ya kiwandani akaiambia idanganye, na MPTool ya fundi wako ilipopima upya ikatoa saizi yake ya kweli.

Na inaeleza kwa nini faili za mwanzo zilicheza. Majina yote yanaandikwa mwanzoni mwa flashi ndio maana uliyaona, lakini video zilizopita 8GB zilikuwa hazina pa kukaa, zinapotea au zinapanda juu ya zile za kwanza mpaka orodha yenyewe inaharibika, ndipo kompyuta ikaanza kudai fomati. Kwa hiyo hata kama mdogo wako asingegusa na umeme usingekatika, sehemu kubwa ya zile 41GB haikuwemo.

kijana_wa_laini

Mkuu hapo umekimbilia kumhukumu mwenye duka. Memori zinaweza kuwa mbili au zaidi kwenye flashi moja, na fundi angeweza kuweka setingi mbaya ikahesabu moja tu. Au vipande vibovu ni vingi ikavikata.

Solda Moto

Hilo la idadi ni kweli kabisa, na siwezi kulikataa bila kuona ndani. Vipande vibovu hapana, vingekata saizi ikaja namba ya ajabu, isingeangukia 8 kamili. Mleta uzi fungua ganda taratibu, hesabu chipu nyeusi pande zote mbili, piga picha maandishi ya juu yake.

mpigavideo

Nimefungua. Kuna ndogo ya mraba na kubwa moja ya mstatili yenye miguu pande mbili, upande wa pili pamewekwa nafasi ya chipu nyingine lakini pako tupu. Maandishi ya ile kubwa yamekwanguliwa, hayasomeki.

Solda Moto

Yamekwanguliwa. Chipu moja inaweza kubeba tabaka kadhaa ndani kwa hiyo sijamaliza asilimia mia, ila nafasi tupu na maandishi yaliyofutwa, mimi nimeshaona nyingi za hivi. Endesha programu ya H2testw uone kama hizo 7.4 zenyewe zinashika data, hifadhi majibu yake, piga picha ganda, chipu na risiti, rudi dukani na hivyo vyote. Wakikwambia umeiharibu kwa kufomati waulize kufomati kunakwangua vipi maandishi ya chipu.

mpigavideo

Risiti ninayo. Naenda kesho asubuhi kabla sijampigia bibi harusi, maana yeye sijui nitaanza na neno gani. Nitarudi hapa kusema walichojibu.