Hoteli imechelewesha hela ya viti, riba naidai vipi?

Seremala_Keko: Wakuu habari. Niliiuzia hoteli viti vya 4,800,000. Viti na ankara walipokea 3 Machi. Profoma yangu ilisema walipe ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara, wakichelewa riba 2% kwa kila mwezi uliotimia juu ya deni lililobaki, pamoja na faini 50,000. Tarehe 2 Mei wamelipa 1,800,000, tangu hapo kimya. Leo 16 Juni. Nimepiga hesabu ya miezi miwili, 192,000, weka na faini. Mhasibu wao anasema riba haimo kwenye LPO. Nifanyeje?

MzeeWaDuka: Usibabaike. Ukishaandika riba kwenye ankara, imetosha. Lazima walipe.

Karani_Mstaafu: Mzee, hapo nusu tu. Ankara inafika mzigo ukishashushwa. Sharti jipya linaloanzia humo mnunuzi anaweza kulikataa. Kinachombana ni alichokubali kabla. Seremala, LPO yao inasemaje hasa?

Mama_Tabu: Mimi nimemkopesha shemeji laki tatu, hatukuandikiana kitu. Na mimi naweza kudai riba?

Seremala_Keko: Imeandikwa "kwa masharti ya profoma yako namba 017". Ina sahihi na muhuri.

Karani_Mstaafu: Basi umemkamata, kwa sababu LPO imeibeba profoma yote, riba ikiwemo. Ila hesabu yako imezidi. Siku 30 ziliisha 2 Aprili. Mwezi wa kwanza, hadi 2 Mei, 2% ya 4,800,000 ni 96,000. Wa pili, hadi 2 Juni, deni ni 3,000,000, kwa hiyo ni 60,000. Jumla 156,000. Hizi siku 14 za juu hazijatimiza mwezi, ziache. Mhasibu akikuta kosa moja, barua nzima inarudi kwenye foleni.

Ankara ya zamani usiiguse. Andika barua ya madai, riba iwe mstari wake peke yake: "Kwa mujibu wa profoma namba 017, mliyoikubali kwenye LPO yenu, tunadai salio 3,000,000 na riba 156,000 hadi 2 Juni." Ambatisha profoma, LPO na nakala ya ankara yenye muhuri wa mapokezi. Bila ule muhuri watabishana nawe siku 30 zilianza lini.

Seremala_Keko: Muhuri upo. Na ile 50,000?

Karani_Mstaafu: Hiyo nina wasiwasi nayo. Mkifika mahakamani, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa hakimu nafasi ya kukupa fidia anayoona inafaa, isiyozidi mliyoandikiana. Kudai faini pamoja na riba kunaweza kuonekana adhabu. Mimi ningeitumia kupatana: walipe wiki hii, naifuta.

MzeeWaDuka: Mimi nisingefuta hata senti. Wameisaini wenyewe!

Mama_Tabu: Na shemeji yangu jamani?

Karani_Mstaafu: Dada, hapo anza na laki tatu zenyewe.