Nimeshinda, nimeona K.O. kwa macho yangu mawili, halafu naambiwa nikacheze bao na babu yangu

Iori_wa_Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mfalme wa mchezo wa kupigana KOF '98 kuanzia Lamu hadi Mtwara, akishinda klipu zinajaa kwenye kundi, akishindwa umeme umekatika. Huyo huyo.

Jana usiku saa nne, yeye Mombasa mimi Mwanza, tunacheza mtandaoni kwa RetroArch, injini yake FBNeo, yeye ndiye mwenyeji. Raundi ya mwisho. Amebaki na Daimon, mimi Iori, na damu aliyobakiza hata mbu asingeshiba. Nikambana kona, nikamshindilia, K.O. ikatokea skrini nzima. K.O., wakuu! Nimeshasimama juu ya kiti, majirani wanagonga ukuta. Ghafla picha inaganda kidogo, inaruka, namwona Daimon amesimama wima ana robo ya damu, na Iori wangu yuko hewani kabebwa kama gunia la mchele. Nikabamizwa chini. Nikafa.

Nimemwambia nimeona K.O. Anajibu mbele ya watu kumi na wawili wanaosikiliza: "Mtandao wako wa mkokoteni, rudi ukacheze bao na babu yako."

Babu yangu kaingiaje hapa? Mimi ndiye niliyepanga kila kitu wiki nzima. Tumelinganisha alama ya CRC ya faili la mchezo, `kof98.zip`, herufi kwa herufi. FBNeo tumeisasisha siku moja, saa moja. Pingi kati yetu 96. Nimeweka fremu 3 za kuchelewesha vitufe vyangu, yeye kaweka 0 kwa sababu "mfalme hachelewi". Halafu mkokoteni ni mimi! Nimeona K.O.! Nimeiona!

Mtoto_wa_Pwani

Hahahaha umeua maiti ikaamka. Pole sana mkuu, ila umepigwa.

kete64

Mimi nimekwama hapo kwenye bao. Nani kamdanganya huyo kwamba bao ni mchezo wa walioshindwa? Akakae na wazee wa kwetu Makunduchi aone kama atamaliza namua bila kulia.

Fremu_kwa_Fremu

Mleta uzi, punguza moto kidogo unijibu. Huko kuruka kulitokea mara moja tu, au kila baada ya muda fulani?

Iori_wa_Kirumba

Mara nyingi! Lakini ile ya K.O. ndiyo iliyonitoa roho. Nyingine ni ndogo ndogo, Daimon anahama hatua moja, naona kama kateleza. Zile za kuganda halafu kuruka pakubwa zilikuwa chache, mechi nzima labda nne au tano.

Bonyeza_Moja_Moja

Tatizo ni fremu. Tatu hazitoshi, weka 8 na yeye aweke 8, mtacheza kama mmekaa kochi moja. Mimi nafanya hivyo na ndugu yangu wa Muscat na hatujagombana.

Fremu_kwa_Fremu

Bonyeza, umepata nusu. Fremu za kuchelewesha zinatibu ugonjwa mmoja, na huyu mwenzetu ana magonjwa mawili.

Tuanze na huo wa kuteleza. Pingi 96 ni safari ya kwenda na kurudi, kwa hiyo kitufe alichobonyeza Mombasa kinafika Mwanza baada ya milisekunde 48 hivi. Mchezo unakwenda kama fremu 60 kwa sekunde, yaani fremu moja ni kama milisekunde 16.7, na 48 hapo ni karibu fremu 3. Mashine yako haimngojei. Inakisia kwamba jamaa bado kashika kile alichokuwa ameshika, inaendelea kuchora, na kitufe halisi kikifika tofauti inarudi nyuma fremu 3, inazikimbiza upya kimyakimya na kukuonyesha ukweli. Hiyo ndiyo rolbeki, na ndiyo maana unamwona Daimon anateleza. Yeye akiweka 0, vitufe vyake anavisikia papo hapo na kuteleza kote unakuona wewe. Wewe ukiweka 3, vyako vinamfikia kwa wakati na yeye anakuona laini kabisa. Kila mtu anapanga upande wake, ndiyo maana jamaa anajisikia mfalme. Kwako mistari kwenye `retroarch.cfg` iko hivi:

```
netplay_input_latency_frames_min = "3"
netplay_input_latency_frames_range = "0"
netplay_check_frames = "600"
```

Sasa tazama huo mstari wa mwisho. Fremu 600 ni sekunde 10. Kila zikifika, mwenyeji anatuma alama ya hali ya mchezo wake na mashine yako inailinganisha na yake. Zikitofautiana, yako inaomba nakala ya mchezo wa mwenyeji na kuipakia juu ya wako. Hapo ndipo picha inaganda na kuruka pakubwa. Rolbeki haiwezi kufufua mtu aliyeanguka na kumpa robo ya damu, haina umbali huo, inarudi fremu chache tu. Ninyi wawili mlikuwa mnacheza mechi mbili tofauti kwa sekunde kadhaa. Kwenye yako ulishinda kweli. Kwenye yake hukushinda, na yake ndiyo inayohesabika kwa sababu yeye ni mwenyeji.

Iori_wa_Kirumba

NILISEMA. NILISEMA MIMI. Nimeshinda kweli, mtaalamu kasema! Nampelekea hii kwenye kundi sasa hivi!

Mtoto_wa_Pwani

Kasema umeshinda kwenye mechi yako peke yako, mkuu. Hata mimi nyumbani peke yangu sijawahi kushindwa.

Bonyeza_Moja_Moja

Lakini faili ni moja na FBNeo ni moja. Mechi mbili zinatoka wapi? Ninavyojua mimi faili zikiwa sawa ni basi.

Fremu_kwa_Fremu

Hapo ndipo wengi wanapoanguka. RetroArch ikiunganisha inatazama faili na toleo, na visipolingana inalalamika. Haitazami ulichobadilisha kwenye Core Options, yaani mipangilio ya FBNeo yenyewe. Na nakala ya mchezo inayotumwa haibebi mipangilio hiyo.

Mnakumbuka jamaa wiki iliyopita aliweka klipu kwenye kundi akijisifu Metal Slug 2 kwake haizubai tena hata skrini ikijaa milipuko? Haizubai kwa sababu alipandisha kasi ya CPU hadi asilimia 200. Mpangilio huo kama hakuuhifadhi kwa mchezo mmoja unakaa kwenye `FinalBurn Neo.opt`, na faili hilo linasomwa na kila mchezo wa FBNeo, KOF '98 ikiwemo. Mwambie afungue atafute huu mstari, unatakiwa usomeke hivi kwenu wote:

```
fbneo-cpu-speed-adjust = "100%"
```

Wewe ukiwa 100 na yeye 200, vitufe vinafika sawasawa, romu ni ile ile, lakini panapokuwa na kazi nyingi mashine yako inachelewa fremu moja na yake haichelewi. Kuanzia hapo ngumi yako inampata kwako, kwake inapita kando ya sikio. Hakuna fremu za kuchelewesha zitakazoponya hilo, hata uweke 8, hata 15. Utasikia uzito kwenye padi na K.O. bado itafutika.

Kipimo chepesi: kaeni na saa. Kuteleza kwa ovyoovyo kunakofuata vitufe ni rolbeki. Kuruka pakubwa kunakoangukia kwenye vipindi vya sekunde 10 ni mashine kupishana, na hapo acheni kucheza mkakague mipangilio.

Iori_wa_Kirumba

Kwa hiyo kaniibia kwa CPU ya 200! Halafu anamtukana babu yangu! Babu yangu aliyenilea! K.O. nimeiona, Iori ameshageuka!

Fremu_kwa_Fremu

Sijasema kaiba, nimesema inawezekana. Na wewe nikuulize, baiosi ya Neo Geo, ile programu inayoiwasha mashine ya KOF '98, umeiacha ya kawaida, au umeweka UniBios? Maana na hiyo wakitofautiana watu wawili wanapishana.

Iori_wa_Kirumba

...Niliweka UniBios mwezi wa tatu ili nicheze kwa hali ya mashine ya nyumbani. Lakini nadhani niliitoa. Sina uhakika. Laptopu iko kwa fundi wa chaji hadi kesho.

Mtoto_wa_Pwani

HAHAHAHAHA mwizi kapatikana, anakaa Kirumba.

mama_Athena

Mwacheni, baiosi ikiwa tofauti mara nyingi inavurugika mapema, siyo mpaka raundi ya mwisho. Mimi bado namshuku yule wa 200. Ila wanaume mnashangaza, wiki nzima mnalinganisha CRC na hakuna aliyefikiria kupigiana picha ya Core Options kabla ya mechi. Sisi kwenye kundi letu tunafuta `.opt` zote mbili, ya FBNeo na ya mchezo wenyewe, kila mtu anaanza na mipangilio mitupu, ndipo tunacheza.

Bando_Limeisha

Nyie mna raha ya kubishania fremu. Mimi hata kuwa mwenyeji siwezi. Natumia intaneti ya laini ya simu, kampuni imetulundika watu kibao nyuma ya anwani moja, mlango 55435 hata niufungue kwenye ruta hakuna anayenifikia. Nikiwasha seva ya kupitishia, data inazunguka Ulaya ndiyo irudi Dodoma kwa mtu ninayeweza kumfuata kwa bodaboda. Pingi 310! Hapo weka fremu unazotaka, Kyo anapiga ngumi leo inafika kesho.

Fremu_kwa_Fremu

Bando, acha mwenye intaneti ya faiba awe mwenyeji, wewe umfuate. Anayejiunga hahitaji mlango wazi. Kama wote mko kwenye laini za simu, jaribuni ZeroTier au Tailscale, zinaunganisha mashine zenu kama mko mtandao mmoja, wakati mwingine inapata njia ya moja kwa moja.

Bando_Limeisha

Nilijaribu. Usiku inakubali, jioni inagoma. Sijui kwa nini.

Buda_wa_Tekken

Wasee, nimesoma zote lakini sijaona jibu langu. Niko na PPSSPP kwa simu, Tekken 6, mimi na kaka yangu tuko kwa hotispoti moja hapa Kayole. Hiyo rolbeki naiweka wapi? Kila tukicheza inakuwa polepole kama mtu anatembea kwa matope.

Bonyeza_Moja_Moja

Weka fremu 8.

mama_Athena

Bonyeza, nyamaza. Buda, PPSSPP haina rolbeki kwenye adhoki. Simu zote mbili zinaongea kama PSP mbili halisi, moja ikichelewa nyingine inangoja, ndiyo hayo matope. Simu gani iko chini kati ya hizo mbili? Ishushe hiyo `Rendering resolution` hadi 1x kwanza.

Buda_wa_Tekken

Ya kaka. Lakini ye ndiye hushinda bana.

kete64

Jamani nilikuwa nauliza, kuna mtu ana programu nzuri ya bao la kiswahili ya kucheza mtandaoni? Kete 64 zote, namua na mtaji, siyo ile ya mashimo sita ya watoto. Babu wa mleta uzi naye akaribie.

Iori_wa_Kirumba

Wakuu turudi kwenye mada. Nimeona K.O.

Buda_wa_Tekken

Mama Athena, nimeshusha hadi 1x. Sasa iko poa, lakini simu ya kaka inachoma mkono. Hiyo ni kawaida?