Mjadala: Hotuba ya dakika tatu juu ya mazuku, je, kifo cha mtoto kibebe tasnifu nzima?

Neema, Goma (Keshero)

Tasnifu yangu ni juu ya mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ikajaa mashimoni na kuua watu na wanyama, upande wa Goma na Sake. Nilipima kaboni dioksidi ndani ya mashimo ya lava, kwa urefu mbalimbali na saa mbalimbali. Sasa naingia kwenye shindano la kueleza tasnifu: nina dakika tatu na slaidi moja mbele ya watu wasiosoma sayansi. Rasimu yangu inaanza hivi: “Alikuwa na miaka saba. Mama yake alimtuma maji alfajiri, hakurudi.” Kisa hicho kinachukua sekunde 40, kisha naeleza vipimo. Promota anayesimamia tasnifu yangu anasema nikiondoe kisa. Wenzangu wanasema bila kisa juri italala. Nifuate nani?

Kasongo, Lubumbashi

Fuata promota, dada. Mtoto yule ataliza watu, na mtu anayelia hasikii vipimo. Sema moja kwa moja: mazuku huua kwa sababu hewa inakosa oksijeni, hapa na hapa nilipima, matokeo ni haya. Sekunde 180 ni chache mno kuzipotezea hadithi.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Neema, kosa la rasimu yako ni kwamba mtoto anakufa kwenye sekunde ya 40, na tasnifu inaanza kwenye ya 41. Vitu hivyo viwili vimewekwa jirani tu. Jaribu hili: futa kwa kalamu sentensi zote za mtoto, usome zilizobaki. Kama vipimo vinasomeka sawasawa bila yeye, basi kisa ni pambo, na promota amekiona. Ukivitoa vipimo badala yake, mtoto bado anakufa vilevile. Kisa chako hakihitaji utafiti wako hata kidogo.

Wewe ulipima nini hasa? Urefu na saa. Basi kisa kinachokufaa ni kile ambacho urefu na saa ndivyo vinavyoamua mtu atapona au ataanguka. Na kisa hicho tunacho hapa Goma, kila anayejua mazuku anakijua: mnyama ameanguka shimoni, mtu anainama kumtoa. Kile kitendo cha kuinama ndicho tasnifu yako yote.

Kasongo ana haki nusu, nami nitamsahihisha kidogo, maana juri ikiwa na daktari mmoja kosa hilo litaonekana. Oksijeni inapungua kweli, lakini si hiyo inayotangulia kuangusha. Piga hesabu. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu sehemu 21 kwa 100. Gesi ikichukua sehemu 10 kwa 100 ya hewa yote, oksijeni inashuka mpaka karibu 19. Kwa oksijeni ya 19 mtu anatembea na kuzungumza. Lakini kaboni dioksidi ya 10 kwa 100 inamzimisha fahamu kwa muda mfupi sana, kwa sababu gesi yenyewe ni sumu inapozidi kwenye damu. Ukisema “hewa imekosa oksijeni”, msikilizaji atadhani anayo nafasi ya kuhema kwa nguvu na kupanda. Hana.

Mugisho, Bukavu

Mimi naona njia rahisi. Aende na mshumaa na ndoo ya kioo, amwage gesi ndani, mshumaa uzimike mbele ya watu. Mimi mwenyewe niko na teze ya takwimu za bei ya muhogo sokoni Kadutu, hakuna mtu aliyekufa humo, kwa hiyo nafikiria kubeba kapu la muhogo jukwaani. Kitu cha macho kinashinda maneno.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Ndugu Mugisho, usibebe kapu, watakutoa. Shindano hili, lililoanzishwa Chuo Kikuu cha Queensland mwaka 2008, linakataza vifaa vya aina yoyote jukwaani. Slaidi ni moja, haisogei, hakuna sauti wala video, na maneno ni ya kusema, si ya kuimba wala shairi. Anayepita dakika tatu anaondolewa. Lile la Kifaransa, la Teze Yangu kwa Sekunde 180, lililoanzia Kebeki mwaka 2012, lilichukua mfano huohuo.

Mshumaa una ubaya mwingine, mkubwa kuliko kanuni. Huku kwetu watu hushusha moto shimoni wakaona unawaka, wakadhani pako salama. Moto hauzimiki mpaka gesi iwe nyingi sana. Gesi ikiwa sehemu 5 kwa 100 mshumaa bado unawaka, na hapo mtu tayari anahema kwa shida na kichwa kinamuuma. Neema akionyesha mshumaa, watu watarudi nyumbani na kipimo kibaya mkononi.

Kuhusu muhogo wako: kisa si lazima kiwe na kifo. Kinataka mtu mmoja aliye karibu kuamua jambo, ambaye hana habari ile uliyoitafuta wewe. Muuzaji anayepanga bei alfajiri anatosha.

Furaha, Bukavu

Mimi swali langu ni la huyo mtoto. Ni nani? Kama ni wa kweli, familia yake inaweza kuwa imekaa kwenye viti vya nyuma, na Neema anamtumia kwa kupata alama. Kama si wa kweli, basi amesema uongo mbele ya juri ya chuo kikuu, kwa jina la sayansi. Sioni njia ya tatu. Mji wa Goma umeona lava mwaka 1977, 2002, na tena Mei 2021. Watu hawahitaji kukumbushwa maiti ili wasikilize.

Neema, Goma (Keshero)

Yaya Furaha, si mtoto mmoja. Nilichanganya mambo ambayo wakazi wengi walinieleza. Papa Bahati, naelewa habari ya kuinama, ila sioni inavyokaa kwenye dakika tatu bila mtu kufa.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Inakaa ukikikata kisa katikati. Usikimalize mwanzoni. Mwache mtu ukingoni, uende kwenye vipimo, halafu umrudie. Watu watasikiliza vipimo kwa sababu vipimo ndivyo vitakavyowaambia atafanyaje. Nimekuandikia mfano. Pale penye urefu weka ulichopima wewe, usichukue changu.

“Saa kumi na moja alfajiri. Fikirieni mama mmoja anashuka kwenye mawe ya lava kuelekea ziwani, mbuzi wake mbele. Mbuzi anaingia kwenye shimo, analala. Mama anamwona vizuri, ni hatua nne tu. Anasimama ukingoni. Tumwache hapo.

Shimo lile limejaa, ila macho hayaoni kilichojaa, wala pua hainusi kitu. Ni gesi ileile inayotoka puani mwetu tunapopumua. Hapa inatoka ardhini, na uzito wake ni mara moja na nusu ya hewa. Kwa hiyo inatulia shimoni kama maji kwenye beseni. Nilitaka kujua beseni hili linajaa mpaka wapi, na saa ngapi. Nilishusha kipimo mpaka kisiginoni, nikakipandisha gotini, kiunoni, kifuani. Nilifanya hivyo alfajiri, nikarudia adhuhuri. Alfajiri, jua halijatoka na upepo umelala, gesi ya kuangusha mtu ilipita goti. Kifuani, hewa ilikuwa ya kupumua. Adhuhuri shimo lilelile lilikuwa karibu tupu.

Sasa turudi kwa mama. Akishuka huku amesimama wima, kichwa chake kiko juu ya beseni. Hasikii chochote kibaya. Anamfikia mbuzi. Na mbuzi hanyanyuliwi mpaka uiname.”

Hapo nyamaza. Sekunde mbili nzima. Hakuna aliyekufa, na kila mtu ukumbini ameshajua urefu una maana gani. Baada ya hapo una nafasi ya kusema tasnifu inatoa nini: ramani ya mashimo, alama ya kuwekwa ukingoni, na saa za kuepuka.

Kipande hiki usikihesabu kwa maneno kama Wafaransa wanavyofanya. Neno letu moja, “hanyanyuliwi”, kwa Kifaransa ni maneno manne au matano. Mimi huanzia maneno 300 hivi, nikipita 350 najua mtu atakimbia. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, ukiwa na saa mkononi, ulenge sekunde 165. Zile 15 zitaliwa na kimya na woga.

Slaidi: mchoro wa shimo lililokatwa ubavuni, mtu amesimama na mtu ameinama, mstari mmoja wa gesi. Usiweke picha ya mbuzi aliyekufa, watu wataitazama hiyo mpaka mwisho.

Kasongo, Lubumbashi

Nimesoma, nakubali hili la kuinama, na la oksijeni nimelipokea. Lakini bado nauliza: kipimo chenyewe kiko wapi? “Ya kuangusha mtu” si namba. Juri ya wanasayansi itataka namba.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Neema aweke moja, Kasongo, ile ya gotini alfajiri, na aiweke kando ya hewa ya nje, ambayo ina gesi hiyo chini hata ya sehemu moja kwa 1,000. Namba moja yenye mwenzake wa kulinganishwa naye inakaa kichwani. Zikifika tano hakuna inayobaki.

Furaha, Bukavu

“Fikirieni mama mmoja” ni bora kuliko mtoto wa miaka saba, nasema kweli. Lakini kwangu haitoshi. Nusu ya ukumbi hawatasikia neno “fikirieni”, watakumbuka mama tu, na kesho watasema alikuwa wa Bulengo, jirani ya fulani. Aseme wazi: mama huyu nimemuunda kutokana na niliyoelezwa na wakazi.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Sentensi hiyo itavunja kisa pale pale ukingoni. Neno “fikirieni” ni ahadi tosha kwa msikilizaji mzima.

Furaha, Bukavu

Kwa juri, labda. Kwa watu wa Mugunga wanaoishi juu ya mashimo hayo, hapana. Tubaki tunapingana, Papa.

Neema, Goma (Keshero)

Nimeisoma kwa sauti mara tatu: sekunde 158, 171, 166. Nimemwomba mdogo wangu anieleze alichosikia, akasema “usiiname shimoni asubuhi, nenda mchana”. Nadhani imeingia.

Papa Bahati, Goma (Himbi)

Nusu yake imeingia vibaya. “Nenda mchana” hukusema wewe, ila hotuba imemwambia. Umepima mashimo machache, na siku ya mawingu bila upepo shimo lenye kina linaweza kubaki limejaa hata adhuhuri. Badilisha “lilikuwa karibu tupu” iwe “lilikuwa karibu tupu siku yenye jua na upepo, siku nyingine halikuwa hivyo”, kama daftari lako linasema hivyo. Itakula sekunde nne au tano. Zikate kwenye ramani, kisha umwite mdogo wako tena.