Mrejesho: poti za swichi zilizolegea baada ya radi

Niliuliza: "Tangu radi ipige, taa za swichi zinawaka zote, ila poti ya 3 inasuasua na ya 4 inakatakata. Ni waya au swichi?"

Wakuu, ni swichi. Nilichukua waya mfupi mpya na laptopu moja, nikahama poti hadi poti. Poti ya 1 ilitoa 1000. Ya 3, kwa waya uleule:

```
ethtool eth0 | grep Speed
Speed: 100Mb/s
```

Gigabiti hutumia jozi zote 4 za waya, 100 hutosheka na 2. Jozi moja kati ya zile 2 ambazo 100 haizihitaji ikiungua ndani ya poti, mawasiliano huweza kushuka kimyakimya na taa inaendelea kuwaka. Ndiyo maana taa zilinipoteza. Poti ya 4 ilishika 1000, ila `ethtool -S eth0 | grep crc` ilionyesha makosa yakipanda kila nikihamisha faili kubwa.

Zote mbili zilikuwa na waya wa kamera za nje, na nadhani msukumo wa radi uliingia kupitia huko, si kupitia waya wa umeme. Nimebadilisha swichi nzima, kwani poti jirani mara nyingi hutumia chipu moja. Kamera sasa nazivutia faiba, maana haipitishi umeme.